Puto la haidrojeni halibebi mara mbili

"Haidrojeni ni nyepesi mara mbili kuliko heli, basi puto lake litabeba mara mbili."

Hapana, ndugu. Kinachobeba ni uzito wa hewa iliyosukumwa pembeni, ukitoa uzito wa gesi ya ndani. Hapa Goma kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 85. Kwa nyuzi 20 (weka T = 293 kwa kelvini, si 20!), kanuni ya msongamano wa gesi, ρ = PM/RT, inatoa hewa kilo 1.01 kwa kila mita ya ujazo, heli 0.14, haidrojeni 0.07. Toa sasa: heli inainua kilo 0.87, haidrojeni 0.94. Faida ni asilimia 8 hivi, tena kwa gesi inayowaka moto. Na uzito wa puto lenyewe na kamba zake bado hatujauondoa.