Hiyo "ni" ya mwisho ndiyo inayotuumbua

"Fungueni midomo!" Kama umeimba kwaya hapa Dar es Salaam hata kwa mwaka mmoja, maneno hayo umeyasikia mara nyingi kuliko ulivyoambiwa uwahi mazoezi. Na mimi nimeyasema sana, maana nafundisha kwaya ya parokia upande wa Temeke, na kwa miaka sikujua hasa ninachowaomba watu. Wenyewe walikuwa wananitii. Mmoja anafungua kwa upana kama anayetabasamu, mwingine anashusha taya, wa tatu analegeza midomo huku meno yamegusana vilevile. Halafu nabaki kushangaa kwa nini sauti ya kwanza yenye watu kumi na mmoja inasikika kama watu kumi na mmoja.

Siku hizi naona agizo hilo, likitolewa hivyo hivyo bila maelezo, linaharibu zaidi ya linavyojenga. Anayebisha ajaribu kwaya yake kwenye silabi moja tu: "ni". Nyimbo zetu zimejaa hiyo silabi. Mbinguni, duniani, njooni, imbeni, msifuni, shangilieni. Na kwa kuwa neno la Kiswahili huishia kwenye irabu, noti ndefu ya mwisho haina konsonanti ya kuifunika. Mtunzi anapotaka kilele humpandisha soprano hadi juu, humwacha huko kwenye "i" kwa mapigo manne, na hapo kila kinywa kinajulikana kilivyo.

Mwenzetu mmoja katunga wimbo wa matoleo unaoishia na "tutakutana mbinguni". Doh ni F. Kwa soprano, silabi tatu za mwisho zinapanda l, t, d', yaani la, ti na doh ya juu, na hiyo "ni" inakaa kwenye d' hadi kinanda kiachie. Alhamisi ya kwanza tulipoufanyia mazoezi, d' ilitoka kali kama filimbi ya trafiki. Nilidhani wimbo uko juu mno, nikamwambia mpiga kinanda ashushe kwa toni nzima. Ukali ukabaki uleule. Nikadhani soprano wanashuka chini ya noti, nikawapigia d' peke yake mara kumi. Noti waliipata vizuri, na bado haikushikana.

Kilichonisaidia ni simu. Niliiweka kwenye benchi la mwisho, mbali na feni, nikarekodi mstari huo mara tatu, kisha nikausikiliza nyumbani kwa spika za masikioni. Katika "ni" moja kulikuwa na irabu tatu. Wengi walikuwa na "i" nyembamba ya meno yaliyokutana. Wawili au watatu walikuwa wanaimba "ne", nao, cha ajabu, ndio waliosikika vizuri zaidi. Mmoja alikuwa keshafika "na". Noti ni ileile kwa wote, lakini sikio linaposikia irabu tatu kwa pamoja linaamini kuna noti tatu. Ndiyo maana nilikuwa nawalaumu kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Sababu yake inaeleweka bila kuwa fundi wa sauti. Koo na kinywa ni chumba, na kila irabu hukipa chumba hicho umbo lake. Chumba cha kila umbo kina kimo kinachokiitikia vizuri, na noti ikiangukia hapo sauti huongezeka bila wewe kuongeza nguvu. Kwa mwanamke, chumba cha "i" huitikia kwenye mitetemo kama 300 kwa sekunde, cha "a" kwenye kama 850. Sasa d' ya soprano wimbo ukiwa kwenye F ni karibu mitetemo 700. Maana yake anapoimba "ni" kwa mdomo uleule anaotumia kuagiza chai, noti yake iko juu zaidi ya mara mbili ya pale chumba kinapomsaidia. Hapati msaada wowote, basi anachukua nguvu kooni, na ule ukali ndio matokeo.

Dawa ni kushusha taya. Taya likishuka, kimo kile kinachoitikiwa kinapanda kuifuata noti. Lakini ulimi haushuki nalo, na hapa ndipo "fungueni midomo" inapotudanganya, kwa sababu mtu akiambiwa afungue hushusha vyote viwili na "ni" inageuka "na". Kwenye "i" kingo za ulimi hugusa magego ya juu. Ziache hapo hapo. Taya ndilo linaloshuka chini yake. Na linashuka, halitanuki: pembe za midomo zinabaki ndani kama za anayetaka kusema "o".

Tulifanya hivi. Kila mmoja aliweka ncha za vidole mbele ya masikio, pale taya linapoungana na fuvu, akafungua polepole mpaka asikie kishimo kinatokea. Asiyesikia kishimo hajashusha taya, amechezesha midomo tu. Kisha wote wakaimba "o" kwenye s ya katikati, sauti ndogo, na bila kugusa midomo wakabadilisha ulimi tu kutoka "o" kwenda "i". Inatoka "i" ya ajabu kidogo, ina giza, na mara ya kwanza watu hucheka. Tukapanda nusu toni nusu toni, na kila tunapopanda taya linashuka kidogo zaidi. Tulipofika d' nafasi kati ya meno ilikuwa ya vidole viwili vilivyopangana juu na chini. Kwenye noti za katikati kidole gumba kilitosha.

Dada mmoja wa sauti ya kwanza aliinua mkono. "Mwalimu, samahani, lakini hiyo si 'mbinguni' tena. Ni 'mbingune'."

Anasema kweli. Ukisimama naye uso kwa uso ni "mbingune". Nilimpeleka kwenye benchi la mwisho akawasikilize wenzake, na akiwa kule akasikia "mbinguni". Juu kabisa huko irabu zote za mwanamke hukaribiana, wala hakuna mwimbaji anayeweza kuzitenganisha kama anavyozitenganisha akiongea. Neno linaokolewa na vitu vingine: "mbi" iliyoimbwa safi kwenye noti ya chini yake, na "n" iliyogongwa sawasawa kabla ya d'. Msikilizaji keshapewa neno kabla soprano hajafika kileleni. Kwa hiyo ukitaka matamshi mazuri, kazi nyingi iko kwenye silabi zinazotangulia, ambazo wengi wetu tunazipita haraka tukiwahi noti kubwa.

Mfano ni hiyo "ngu". Kwenye rekodi nilisikia watu wanaimba "mbing", wanakaa kwenye "ng", sauti imeshapanda puani, kisha "u" inakuja kwa kuchelewa. Kiswahili hakigawi neno hivyo. Silabi ni mbi-ngu-ni. "Ng" ni mlango wa silabi inayofuata, haina kazi kwenye noti iliyopita. Kaa kwenye "i" ya "mbi" mpaka pigo liishe, ndipo uguse "ng". Sauti ikienda puani mapema kinywa kimefungwa kwa nyuma, na hata midomo ikiwa wazi kama lango haisaidii kitu.

Wanaume nao waliponiona nahangaika na soprano wakajiunga kwa moyo mmoja, wote wakashusha taya, na "ni" yao ikawa "ne" kabisa. Ikabidi niwarudishe. Kwenye mwisho ule, wanaume wa sauti ya tena wako kwenye s, mitetemo kama 260, na besi wako chini zaidi. Huko "i" ya kawaida inaitikiwa vizuri. Wakifungua kama soprano wanapoteza neno bila faida yoyote. Alto wako kwenye m, kama 440, basi wanashusha nusu nusu. Kwa hiyo kwaya inaposikika imeshikana, ukiitazama vinywa vyake haviko sawa, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachofanana ni irabu inayofika kule benchi la mwisho. Mwalimu anayetaka sauti zote nne zifungue sawa anapanga picha.

Na kwa habari ya picha, nina kinyongo kidogo. Tulipokwenda kurekodi video, mpigapicha alitutaka tutabasamu muda wote, meno yaonekane. Kwa kucheza sina neno. Lakini tabasamu linavuta pembe za midomo nyuma, linafupisha kile chumba, na "i" inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Bahati nzuri sauti tulikuwa tumeisharekodi wiki iliyotangulia, kwa hiyo mnaotuona tunatabasamu kwenye d' tunaigiza tu. Kwaya nyingi za mjini sasa zinajifunzia kuimba kwenye video, na ule mdomo wa kamera naukuta umehamia hadi kwenye misa.

Jambo lingine ni "e". Dar ni mji wa watu waliotoka kila mahali, na Kisukuma na Kinyakyusa, kwa mfano, vina irabu saba badala ya tano. Aliyekua na irabu saba ana zaidi ya namna moja ya kusema kile sisi tunachokiandika "e", na kwenye "milele" yake inaweza kwenda karibu na "i" bila mwenyewe kujua, kwa sababu masikioni mwake ni sahihi. Simwambii mtu kwamba anakosea. Namwimbisha "le" akiwa amesimama kati ya wawili wenye "e" pana, mara tano, anaikuta mwenyewe.

Kuna mahali pia ambapo kinywa lazima kifungwe, na sijalimaliza. Ni "M" ya "Mtakatifu". Ni silabi kamili, mara nyingi mtunzi anaipa noti yake mwenyewe, na huwezi kuiimba kwa mdomo wazi. Nusu ya kwaya wanaikwepa kwa kusema "Mu", na "Mutakatifu" inasikika kanisa zima. Nusu nyingine wanafunga meno pamoja na midomo, na sauti inakufa ghafla kabla ya "ta". Nimewaomba wafunge midomo tu, meno yaachane ndani kana kwamba wameweka punje ya karanga kati ya magego. Wanaume wa tena wameshaipata. Soprano bado, hasa "M" inapoanzia juu, na Alhamisi ijayo nakuja na karanga zenyewe.