Aliyezimia asembli na aliyeanguka akikimbilia mpira

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea bintiye wa miaka 15 hapa kliniki, Arua. "Sista, wameniambia ni kifafa." Nikamgeukia binti mwenyewe: ulikuwa unafanya nini kabla hujaanguka? Alikuwa amesimama asembli, jua kali, uji hakunywa. Masikio yakaanza kuvuma, jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia giza. Damu ilikuwa imeshuka miguuni, kisha mishipa ikalegea na mapigo ya moyo yakapungua, ubongo ukakosa damu kwa muda. Kuanguka kwenyewe ndiyo dawa, maana ukilala damu inarudi kichwani. Wenzake kwa huruma wakamwinua na kumshikilia wima, ndipo mikono ikarukaruka kidogo. Hiyo ndiyo "kifafa" iliyosemwa. Walipomlaza alizinduka chini ya dakika moja, akamtambua mwalimu wake. Nilimpima umeme wa moyo na wingi wa damu, vyote vikawa sawa. Nikamwambia anywe maji, asikose uji, na akisikia masikio yanavuma akae chini palepale, hata kama hedimasta anahutubia.

Shule nzima ilikuwa na habari za binti huyu. Ila aliyeninyima usingizi ni kijana wa miaka 16 ambaye hakuna aliyemleta kwa sababu ya kuanguka. Alikuja na kikohozi. Mama yake akagusia tu kwamba siku moja uwanjani, akikimbilia mpira, alianguka kifudifudi. Hakusikia kizunguzungu, wala hakutanguliza mikono. Aliinuka, akamaliza mechi!

Mtu akishamaliza mbio, akasimama ghafla na kuzirai, mara nyingi ni damu iliyobaki miguuni. Kuanguka katikati ya mbio ni jambo lingine kabisa. Huenda msuli wa moyo umenenepa, vali imebana, au umeme wa moyo unavurugika. Ndivyo pia kwa anayezimia akiwa amelala, akiogelea, aliposhtuliwa na kelele, au baada ya moyo kwenda mbio bila sababu. Nikauliza kama kuna kijana katika ukoo aliyekufa ghafla. Mama akanyamaza, kisha akasema mdogo wake alizama mtoni, naye alikuwa mwogeleaji hodari.

Kwa maoni yangu, kila kijana anayezimia mara ya kwanza apimwe umeme wa moyo. Ni waya kumi kifuani na kwenye mikono na miguu, dakika chache, hakuna maumivu. Lakini kipimo hicho kikitoka safi hakimsafishi aliyeanguka akikimbia. Huyo anahitaji moyo upigwe picha ya ultrasaundi, na mara nyingi upimwe akiwa anakimbia, mbele ya daktari. Nilimwandikia barua ya kwenda Taasisi ya Moyo pale Mulago. Kuhusu mpira, nilimkataza mpaka waseme wao, naye akaondoka amenuna.