Jedwali la Ricardo linathibitisha faida, halisemi nani ataibeba

Hoja ya mwanauchumi Mwingereza David Ricardo ya mwaka 1817 kuhusu biashara kati ya nchi mbili ilisimama juu ya tarakimu nne tu. Kila moja ni idadi ya watu wanaotakiwa kufanya kazi mwaka mzima ili kupata kiasi fulani cha bidhaa. Yeye hakutaja kipimo. Mimi nitasema jora la kitambaa na pipa la mvinyo, tupate kitu cha kuhesabu.

| | Jora 1 la kitambaa | Pipa 1 la mvinyo |
|---|---|---|
| Uingereza | watu 100 | watu 120 |
| Ureno | watu 90 | watu 80 |

Ureno inatumia watu wachache zaidi kwa bidhaa zote mbili. Ukiishia hapo utasema haina haja ya kununua chochote kwa Mwingereza. Lakini swali la maana ni kila nchi inaacha nini inapochagua kutengeneza kitu kimoja, yaani gharama ya fursa. Uingereza ikitaka pipa moja, inawaondoa watu 120 kwenye kitambaa, na watu hao wangetoa majora 1.2. Ureno inawaondoa watu 80, ambao wangetoa takriban jora 0.89. Kwa hiyo mvinyo ni rahisi Ureno, na kitambaa, kwa hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa, ni rahisi Uingereza. Hiyo ndiyo faida linganishi.

Wengi hukosea hapa kwa kugawanya kichwa chini miguu juu, hasa wanapokutana na jedwali linaloonyesha mazao kwa saa badala ya watu kwa kila bidhaa. Kosa hilo hugundulika upesi: jiulize kama jibu lako linaipa faida linganishi ya mvinyo nchi inayolazimika kuacha kitambaa kingi zaidi kwa kila pipa. Uingereza ikikutokea kuwa bingwa wa mvinyo kwenye jedwali hili, rudi mwanzo.

Sasa bei. Mwingereza hatalipa zaidi ya majora 1.2 kwa pipa, maana kwa gharama hiyo anajitengenezea. Mreno hatakubali chini ya jora 0.89. Kiwango chochote kati ya hapo kinawafaa wote wawili. Ricardo alichukua jora moja kwa pipa moja, na kwa kiwango hicho Uingereza inapata kwa watu 100 mvinyo ambao ungeichukua watu 120, inaokoa 20. Ureno inapata kwa watu 80 kitambaa cha watu 90, inaokoa 10.

Watetezi wa soko huria huishia hapo, na hesabu yao ni sahihi. Wakosoaji nao wana haki ya kuuliza: kwa nini moja kwa moja? Kiwango kikipanda hadi 1.1, Uingereza inaokoa watu 10 kwa kila pipa na Ureno inaokoa 19. Kikigota kwenye 1.2, Uingereza haipati kitu. Jedwali halina neno juu ya hilo. Mwanauchumi John Stuart Mill ndiye aliyelijazia pengo mwaka 1844: kiwango hutegemea kila upande una hamu kiasi gani na bidhaa ya mwenzake. Kutokana na hapo linakuja jambo linalowashangaza wengi. Kama Ureno ni ndogo kiasi kwamba mvinyo wake wote hauwatoshi Waingereza, Uingereza italazimika kuendelea kujitengenezea mwingine, na bei itabaki kwenye 1.2. Hapo mdogo ndiye anayechukua faida yote. Dhana kwamba mkubwa lazima amnyonye mdogo haitoki kwenye jedwali hili.

Usafirishaji nao hupunguza nafasi iliyopo kati ya 0.89 na 1.2. Upana wote ni jora 0.31 hivi; kusafirisha pipa kukigharimu zaidi ya hapo, biashara haipo hata kama faida linganishi ipo.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la muda. Jedwali linachukulia kuwa zile tarakimu nne hazibadiliki. Tuseme wafumaji wa Ureno wakiachwa waendelee watajifunza, na watu 90 washuke hadi 66. Pipa la mvinyo sasa litaigharimu Ureno majora 1.21, zaidi ya Uingereza, na faida linganishi imehama: Ureno ndiyo inayopaswa kuuza kitambaa. Nchi iliyofunga viwanda vyake kwa kulitii jedwali isingefika hapo. Ila kuwalinda wafumaji hao si bure. Kwa kiwango cha moja kwa moja, kila jora linalofumwa nyumbani wakati wa kusubiri linakula kazi ya watu 10 zaidi ya lile la kununuliwa, na wakikwama kwenye 85, mvinyo unabaki kuwa rahisi Ureno na hasara inaendelea mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo anayedai ulinzi anadaiwa makadirio: tarakimu hiyo itashuka kwa kasi gani, na nini kitaishusha.