"Ulianzishwa" na nani?

Juzi mpwa wangu alinipa barua yake ya kuomba kazi ya kutunza stoo kwa wasafirishaji fulani pale Malaba. Tangazo lilitaka barua ya Kiswahili, kwa kuwa madereva wanaofika hapo wengi ni wa kutoka Mombasa. Uganda jambo hilo si la kila siku. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini barua za kazi bado tunaziandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana akivaa Kiswahili cha barua, anakivalisha na koti na tai. Ukurasa mmoja na nusu! Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

"Ningependa kuchukua fursa hii kukujulisha ya kwamba katika kipindi cha miaka miwili ambacho nimekuwa nikihudumu, shughuli za upokeaji na uhifadhi wa mizigo zimekuwa zikifanywa na mimi kwa ufanisi mkubwa."

Maneno 29, na aliyefanya kazi anatokea mwishoni, nyuma ya "na". Nilimpa kalamu nyekundu. Nikamwambia azungushie kila kitenzi cha kutendwa, yaani chenye ile "w" kabla ya "a" ya mwisho: zikifanywa, ulianzishwa, ukapunguzwa. Akazungushia na "kuelewa" na "kuchelewa" pia, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Hizo zina "w", lakini kwa maana ya leo hakuna aliyetendwa. Kisha nikamwambia apigie mstari majina yaliyotengenezwa kutokana na vitenzi, kama upokeaji na uhifadhi, maana kila moja limemeza kitenzi kizima na kukuachia "kufanywa" kisicho na ladha. Ukikirudisha kitenzi, sentensi inanyooka yenyewe:

"Kwa miaka miwili nimepokea na kuhifadhi mizigo ya mahindi na maharagwe katika stoo ya Busia."

Maneno 15, na sasa tunajua ni mizigo gani na ni wapi. "Mimi" nayo imeondoka, kwani "ni" ya "nimepokea" inatosha. "Ufanisi mkubwa" nimeutupa. Huo atauona msomaji, si wa mwombaji kujitangazia.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya yote:

"Mfumo mpya wa kurekodi magunia ulianzishwa na upotevu wa bidhaa ukapunguzwa kwa kiwango kikubwa."

Nikamuuliza, ulianzishwa na nani?

"Na bosi, Mjomba. Mimi nilikuwa najaza daftari."

Na upotevu ulipungua kwa kiasi gani? Hajui, hakuna aliyepima.

Wanaofundisha uandishi hutuambia geuza kauli ya kutendwa iwe ya kutenda, basi. Angewatii bila kufikiri, angeandika "Nilianzisha mfumo mpya", na huo ni uongo. Kwangu mimi ugonjwa wa sentensi ile hauko kwenye urefu wake. Kutendwa kulimruhusu asimame karibu na kazi ya bosi wake bila kusema kama ni yake, na pengine hata yeye mwenyewe hakutambua. Kwa hiyo tuliiacha sentensi kando, nikamtaka anisimulie asubuhi moja ya kazi, lori linapopiga honi getini. Alichosema ndicho tulichoandika:

"Kila lori lilipofika, nilihesabu magunia mlangoni na kuyaandika kwenye daftari kabla hayajaingia stoo. Mara mbili nilikuta pungufu, nikamwita dereva tukahesabu upya kabla hajatia sahihi."

Imekuwa ndefu kuliko ya awali, na sijali. Mwenye stoo akiisoma anamwona mtu amesimama mlangoni na daftari mkononi.

Basi akanogewa. Kesho yake akaja na barua ambayo hata "Nilikabidhiwa funguo za stoo baada ya miezi sita" imekuwa "Bosi alinikabidhi funguo za stoo baada ya miezi sita." Nikairudisha ya kwanza. Barua ni yake, na kwa kutendwa anabaki yeye mwanzoni mwa sentensi. Aliyetoa funguo si habari hapa. "Nilipandishwa cheo" na "nilifundishwa kutumia mzani" ziko hivyo hivyo, ziacheni.

Mwisho tulikata "Ni matumaini yangu makubwa kwamba ombi langu litafikiriwa kwa namna ya kipekee" tukaweka "Naweza kuja kwa usaili siku yoyote kuanzia Jumatatu." Barua ikabaki nusu ukurasa. Akaigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta chenji iliyopungua.

"Mjomba, hawatasema nimevivia?"

Nikamwambia aitie sahihi, aende zake Malaba kabla mvua haijashuka.