Jagi limekufa, halafu punguzo lote nilibebe mimi?

Nilinunua seti ya vyombo vya umeme kwenye duka moja hapa Dar, blenda, pasi na jagi la kuchemshia maji, vyote kwa 150,000. Ukichukua kimoja kimoja blenda ni 90,000, pasi 40,000 na jagi 50,000, jumla 180,000, kwa hiyo ofa ilikuwa inakuokolea 30,000. Jagi likagoma, taa inawaka vizuri tu ila maji hayachemki ng'o. Nikalirudisha, na niwe mkweli hawakubisha kuhusu ubovu, wakalijaribu pale pale wakaona, majagi mengine yalikuwa yameisha stoo basi nikaambiwa narudishiwa hela. Nikahesabiwa 20,000. Nikauliza jamani mbona hivi, keshia akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, jagi elfu hamsini, toa punguzo lako elfu thelathini."

Punguzo langu. Yaani punguzo la vitu vitatu limegeuka ghafla kuwa la jagi peke yake, na la jagi bovu hasa.

Sasa tatizo liko kwenye risiti, iangalieni ya kwenu mtaona. Vitu vimeorodheshwa kwa bei kamili, halafu chini kabisa kuna mstari mmoja wa punguzo, 30,000, umekaa peke yake hauna mwenyewe. Siku ya kununua hakuna anayejali maana jumla ni ile ile. Siku ya kurudisha ndo kila mtu anauvuta mstari ule upande wake, na mwenye kaunta ana mkono mrefu kuliko wewe.

Kuna kipimo kimoja cha kujua kama hesabu ya duka ni ya haki, na hakihitaji digrii: jifanye unarudisha vitu vyote, kimoja kimoja, uone mwisho unapata kiasi ulicholipa au la. Chukua hesabu ya yule keshia. Jagi nimepata 20,000. Nikirudisha pasi kwa mtindo huo huo, 40,000 toa 30,000, napata 10,000. Blenda 90,000 toa 30,000, napata 60,000. Jumla 90,000. Nililipa 150,000! Vitu vyote vimerudi dukani, mimi sina kitu, na 60,000 yangu imeyeyuka kwa sababu punguzo moja limekatwa mara tatu. Na upande wa pili pia, kama duka lingenirudishia bei kamili kwa kila kitu ningeondoka na 180,000, yaani ningelipwa 30,000 kwa kazi ya kubeba seti nyumbani na kuirudisha. Hapo ningefurahi lakini sio haki, nakubali.

Wengi wakiona hivyo wanasema basi gawa sawa kwa sawa, elfu kumi kumi. Kwenye seti yangu inakaribia kufanya kazi, ila jaribu kwenye simu na kava. Simu 300,000, kava 10,000, ofa 280,000 kwa vyote. Punguzo ni 30,000, ukigawa sawa kila kimoja kinabeba 15,000, sasa kava la elfu kumi lina bei ya hasi elfu tano. Ukilirudisha limepasuka, wewe ndo unadaiwa na duka. Haya, lipa.

Kinachofanya kazi ni kugawa kwa uwiano, kila kitu kinabeba punguzo kulingana na bei yake. Mimi nimelipa 150,000 kwa vitu vya 180,000, maana yake kwa kila shilingi sita za bei nimelipa tano. Basi blenda nimeilipia 75,000, pasi 33,333 na jagi 41,667. Hiyo 41,667 ndo ilikuwa haki yangu, sio 50,000 na wala sio 20,000. Rudisha kimoja, viwili, vyote, anza na chochote, mwisho wa siku ni 150,000 kamili. Lile kava linakuwa 9,032 na simu 270,968, hakuna hasi, hakuna maajabu. Na msije na hadithi za senti eti zinasumbua sistimu: ondoa senti zote, ikibaki shilingi moja mpe kile kitu kilichokuwa na senti nyingi zaidi, kwangu ni jagi lililokuwa 41,666.67. Biashara imeisha.

Tena wahasibu wanalijua hili miaka mingi. IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayotumika tangu 2018, inasema punguzo la vitu vilivyouzwa pamoja ligawanywe kwa uwiano wa bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake, isipokuwa kuna ushahidi kwamba punguzo ni la kitu fulani tu. Kwa hiyo kampuni ikifunga vitabu vyake inagawa vizuri kabisa, ila nikifika mimi na jagi langu hesabu zinasahaulika.

Sasa najua kuna mwenye duka anasoma hapa amekunja sura. Hoja yake ni kwamba ofa ilikuwa ya vitatu, mteja akibaki na viwili ofa imevunjika, basi alipe blenda na pasi bei kamili 130,000, kinachobaki ni 20,000. Haya, hoja ina kichwa, nampa hapo, lakini nampa kwa mteja aliyebadili mawazo tu. Bila hivyo mjanja anachukua seti nzima, anarudisha asichotaka, anabaki na blenda kwa bei ya ofa. Ukiweka sharti hilo liandike kabla mtu hajalipa, sio kulitoa mfukoni baadaye. Lakini jagi likiwa bovu nani kavunja ofa? Mimi nilitoa hela ya vitu vitatu vizima, wewe ukanipa viwili na pambo. Halafu hesabu hiyo ipeleke kwenye simu na kava uone: kava limepasuka, unabaki na simu ya 300,000 uliyolipa 280,000, kwa hiyo unatakiwa uongeze 20,000 kwa sababu wamekuuzia kava bovu!

Zile za nunua vitenge viwili upate cha tatu bure ni ugonjwa huo huo. Kila kimoja 15,000, umelipa 30,000, risiti inaandika 15,000, 15,000, na sifuri. Kile cha sifuri kikiwa na tundu unaambiwa dada hicho ulipewa zawadi. Zawadi gani wakati nimenunua vitatu kwa 10,000 kila kimoja? Na duka lenyewe linajichoma, maana mjanja atarudisha vile viwili vya 15,000 achukue hela yake yote, aondoke na cha bure kinang'aa.

Na ugawaji ufanyike siku ya kuuza, uchapwe kwenye kila mstari wa risiti. Ukisubiri siku ya kurudisha bei ya rafu imeshabadilika, jagi limepanda hadi 60,000, uwiano wote unasogea na ugomvi unaanza upya. Hata TRA inawahusu, maana seti ikichanganya kitu chenye VAT na kisicho na VAT, lile punguzo likikaa kwenye mstari usio wake kodi nayo inabadilika.

Nyie mnaouza seti WhatsApp mnaweza kuanza leo: chini ya picha andika blenda 75,000, pasi 33,333, jagi 41,667, jumla 150,000, kikifa chochote, bei yake hapo ndo hela yako.