Mkanda wa jeshi: vidonge 20 kwa siku, si 5

Nina maoni ambayo baadhi ya wauza dawa hawatayapenda: wagonjwa wengi wa mkanda wa jeshi wanaosema "nilitumia dawa, haikusaidia" hawakuitumia kwa kipimo kinachotibu ugonjwa huo.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62. Siku ya Jumatatu anaanza kuhisi moto chini ya titi la kushoto, na ngozi ya hapo inauma hata inapoguswa na nguo tu. Anadhani ni moyo, au amebeba ndoo vibaya. Jumatano asubuhi wekundu unajitokeza, na jioni yanafuata malengelenge madogo yaliyosongamana, kutoka karibu na uti wa mgongo hadi mbele ya kifua, yakikoma katikati ya mwili bila kuvuka upande wa kulia. Dalili hizo zinatosha kuutambua ugonjwa. Kirusi cha tetekuwanga aliyougua utotoni hakikuondoka, bali kilijificha kwenye fundo la neva kando ya uti wa mgongo, na kinga ilipolegea kikashuka kwa neva hiyo moja hadi kwenye ngozi inayohudumiwa nayo. Kwa kuwa kila neva ina upande wake, hofu ya kwamba mkanda ukizunguka mwili na kukutana mgonjwa hufa haina msingi.

Saa 72 zinazozungumzwa na madaktari, yaani muda wa kuanza dawa ya kirusi, huhesabiwa tangu vipele vilipotoka, si tangu maumivu yalipoanza. Mama huyu, kwa hiyo, ana muda hadi Jumamosi asubuhi. Alhamisi anakwenda duka la dawa, anapewa kidonge cha kuua bakteria na krimu ya kupaka. Cha kwanza hakigusi kirusi, na krimu, hata ikiwa ni ya asaiklovia, dawa inayopambana na kirusi hicho, haifiki kwenye neva. Ijumaa mtu mwingine anampa vidonge vya asaiklovia na kumwambia ameze kimoja mara 5 kwa siku. Hapo ndipo kosa linapoonekana kama tiba sahihi. Kidonge kinachopatikana mara nyingi ni cha miligramu 200, na kimoja mara 5 kwa siku ni kipimo cha malengelenge ya sehemu za siri. Mkanda wa jeshi unahitaji miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, yaani vidonge 4 kwa kila dozi, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Mgonjwa akiona lundo hilo hudhani daktari amekosea, na ndiyo maana aliyeandika dawa anapaswa kumweleza hesabu hiyo waziwazi. Valasaiklovia, gramu 1 mara 3 kwa siku, ni rahisi zaidi kufuata, kama mfuko unaruhusu. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo, la sivyo dawa hujikusanya mwilini na inaweza kumchanganya akili.

Saa 72 zikipita, mlango haujafungwa kabisa: malengelenge mapya yakiendelea kutoka, kinga ikiwa imeshuka, au vipele vikiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, dawa hutolewa hata hivyo, na jicho lichunguzwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Aidha, kijana anayepata mkanda apimwe VVU, kwa kuwa katika nchi zetu mara nyingi ndiyo dalili ya mwanzo.

Hata hivyo, tusiitwike asaiklovia mzigo isioweza kuubeba. Inafupisha ugonjwa na kupunguza maumivu ya wiki za mwanzo, lakini mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2014 hayakuona kwamba inapunguza kwa kiasi cha maana maumivu yanayobaki. Ngozi hupona, ila neva iliyojeruhiwa huendelea kuuma kwa zaidi ya miezi 3, wakati mwingine miaka, hasa kwa wazee na kwa waliokuwa na maumivu makali tangu mwanzo. Parasetamoli na diklofenaki hazifui dafu hapo. Amitriptilini kidogo usiku, kuanzia miligramu 10, au gabapentini inayoongezwa polepole, huwasaidia baadhi yao, si wote.

Kwa sababu hiyo naona chanjo ndiyo kinga halisi dhidi ya maumivu hayo, maana asiyepata mkanda hapati mabaki yake. Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya mikanda kwa watu wa miaka 50 na kuendelea katika majaribio makubwa. Hudungwa mara 2, kwa nafasi ya miezi 2 hadi 6, na kwa kuwa haina kirusi hai hata wenye kinga dhaifu huipata. Haitibu mkanda uliokwishatoka, ingawa aliyepona anaweza kuchanjwa. Bei yake ni kubwa, na sitarajii ienezwe kwa wazee wote hivi karibuni. Ingekuwa uamuzi wangu, ningeanza na wanaosubiri kupandikizwa figo na wanaokaribia kuanza dawa za kushusha kinga, kwa sababu kwao tarehe ya hatari inajulikana mapema na sindano zinaweza kutangulia.