Gesi ileile, majibu matatu

Juzi mdogo wangu alirudi kutoka chuo chake hapa Goma, akaweka silabusi ya termodinamiki mezani. "Yaya, angalia hii. Silabusi inasema 500, mimi napata 900, mwenzangu 698. Na namba tumetumia zilezile."

Mfano wenyewe ni mfupi. Hewa imefungiwa ndani ya silinda, juu yake kuna pistoni inayosogea. Presha ya hewa hiyo inabaki 1 bar muda wote. Inapashwa moto, inapokea joto la 700 J, na ujazo wake unatoka lita 2 hadi lita 4. Nishati yake ya ndani imebadilika kwa kiasi gani?

Nilianza na 900. Silabusi, kama nyingi zinazofuata desturi ya Kifaransa, inahesabu kama mwenye benki: kinachoingia kwenye gesi ni chanya, kinachotoka ni hasi. Kwa hiyo badiliko la nishati ya ndani inaliandika ΔU = Q + W, yaani joto pamoja na kazi, na W = −PΔV, yaani presha mara ongezeko la ujazo, kwa alama ya hasi. Gesi ikisukuma pistoni inatoa nishati, basi W inakuwa −200 J, na 700 − 200 ni 500. Mdogo wangu W hiyo ya −200 aliitoa humo humo. Lakini fomula aliichukua kwenye kitabu cha Kiingereza alichoazima, kilichoandika ΔU = Q − W. Kitabu hicho nacho hakikosei: W yake ni kazi ambayo gesi *inaifanya*, kwa hiyo ni +200. Ni desturi ya tangu Clausius mwaka 1850, enzi za injini za mvuke, ambapo mtu alitaka kujua mashine itampa kazi kiasi gani. Basi alama ya kutoa ya kitabu ikakutana na hasi ya silabusi: 700 − (−200) = 900.

Jibu hilo lingeweza kushtukiwa bila kufungua ukurasa wa majibu. Umepewa 700, ukatumia nyingine kusukuma pistoni, halafu unasema umebaki na 900? Hata muuza mkaa hawezi kukubali hesabu hiyo.

Ile 698 ni mbaya zaidi kwa sababu inapendeza macho. Alama ziko sawa. Kijana alizidisha 1 kwa 2, akapata 2, akaitoa kwenye 700. Ila ile 2 si jouli, ni lita-bar. Bar moja ni paskali 100 000, na lita ni 0,001 ya mita ya ujazo, kwa hiyo lita-bar moja ni 100 J. Ajabu ni kwamba sokoni hapa, mtu akikwambia bei ni "ishirini", mara moja unauliza: dola au faranga? Kwenye daftari hatuulizi.

Hiyo ya pili unaikamata kwa njia nyingine. Hewa karibu yote ni molekuli za atomu mbili mbili. Gesi ya namna hiyo ikipashwa moto kwa presha isiyobadilika, hubakiza sehemu 5 kati ya 7 za joto ililopokea, na 2 zinakwenda kwenye kazi. Tano kwa saba ya 700 ni 500. Hesabu hiyo ni safi katika halijoto ya kawaida. Hewa ikiwa moto sana molekuli zinaanza kutikisika na uwiano unahama kidogo. Na humu inakuwa moto kweli: ujazo ukiongezeka mara mbili kutoka 27 °C, unafika 327 °C, wala si 54, maana kinachoongezeka mara mbili ni kelvini, kutoka 300 hadi 600.

Maoni yangu? Kosa la 698 ni la mwanafunzi. Lile la 900 nusu yake ni la aliyeandika silabusi, kwa sababu hakuna ukurasa hata mmoja unaosema W ni kazi ya nani. Mstari mmoja juu ya mfano ungetosha: "W ni kazi ambayo gesi inaipokea." Kumnyima kijana alama zote kwa fomula iliyo sahihi katika kitabu kingine, mimi naona si haki.

Mdogo wangu akauliza tena: "Na tukiifanya hapa kwetu, manometa itaonyesha 1 bar?" Hapana. Goma iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa takriban 0,85 bar, na manometa ya kawaida huonyesha tu kile kinachozidi hapo. Ingesoma 0,15. Ukiiweka 0,15 hiyo kwenye fomula, kazi inakuwa 30 J na jibu 670. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa silabusi: *presha kamili*.